Barua ya mpwa wangu: alizeti ya kukamua au shamba la zabibu la kukodi? Nisaidieni kumjibu

Mwalimu_wa_Bahi:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nipo Bahi na mbuzi wangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amemaliza chuo, huu ni mwaka wa tatu na kazi hajapata. Wiki iliyopita kanitumia barua, tena ya karatasi, kaikabidhi kwa kondakta. Nimeisoma mara mbili. Hesabu zake nimezikagua kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea na zote nimezipa vema, ila moyo unaniambia kuna kitu. Biashara sijawahi kufanya maishani. Nimemuomba ruhusa niiweke hapa, amekubali mradi nisimtaje jina.

*Nkuhungu, Dodoma.*

*Mjomba, shikamoo.*

*Natumaini u mzima pamoja na mama mdogo na watoto. Huku sisi wazima, mama mguu unamsumbua lakini anatembea. Anakusalimu sana, anasema mbuzi wako wamekufanya umsahau.*

*Dhumuni la barua hii ni kukuomba ushauri. Usaili nimeitwa mara tatu, mara ya mwisho tulikuwa wengi mpaka tukakaa chini ya mwarobaini kusubiri zamu. Sijakata tamaa ya ajira lakini sitaki msimu huu unipite nimekaa. Nina 2,400,000. Sehemu ni akiba ya kazi za muda nilizofanya, sehemu mama aliuza ng'ombe mmoja akanipa. Kwa hiyo mjomba elewa kwamba hela hii ikipotea nitakuwa nimepoteza na ng'ombe wa mama.*

*Wazo la kwanza ni alizeti. Rafiki yangu kwao ni Mkoka, wilaya ya Kongwa. Mavuno yameanza na gunia wanauza 58,000. Gunia ni kilo 100, kwa hiyo kilo moja inaniangukia 580 tu, wakati mjini nimesikia wanunuzi wanataja 900. Nimesoma kwamba alizeti ina mafuta asilimia 35 hadi 40. Mimi sijataka tamaa, nimeweka lita 30 kwa gunia. Mafuta nitauza jumla 4,000 kwa lita, hiyo ni 120,000. Usafiri na kupakia 3,500, dumu 3,000. Kukamua ni bure, maana mwenye mashine ni muungwana sana, kaniambia hatanitoza hata senti, atabaki na mashudu tu. Faida ni 55,500 kwa gunia. Nikinunua gunia 30 napata 1,665,000, na mzunguko mmoja haufiki mwezi.*

*Wazo la pili ni zabibu. Kuna mama mjane kule Mpunguzi ana shamba la zabibu la ekari moja lililokwishazaa miaka mingi, hana nguvu za kulihudumia. Yuko tayari kunikodisha kwa mwaka 800,000. Zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kodi inagawanyika mara mbili.*

*Mjomba, wewe ndiye uliyenilipia ada ya kidato cha tano. Niambie ukweli hata kama utaniuma. Nichague lipi, au nigawanye hela nifanye yote?*

*Ni mimi mpwa wako.*

Hiyo ndiyo barua. Nimjibu nini?

Sina_Mba_Area_C:

Mzee shikamoo. Nakushauri kama mtoto wako: usimpe hela. Ndugu ukimkopesha umenunua ugomvi. Mimi shemeji yangu alinikopa laki nane ya bodaboda mwaka juzi, leo tukikutana msibani anahamia turubai la upande wa pili. Mwambie huna, basi.

Mwalimu_wa_Bahi:

Marahaba mwanangu. Pole kwa shemeji. Lakini rudia kusoma barua, kijana hajaniomba hata shilingi. Kaomba ushauri.

Sina_Mba_Area_C:

Ushauri huwa unatangulia mzee. Hela inafuata kwenye barua ya pili. Nimekaa pale.

Mkamuzi_Kibaigwa:

Mwalimu shikamoo. Mashine ya kukamua niko nayo mwaka wa kumi na moja, nilianza kama mtumishi wa kumwaga mbegu. Barua ya kijana nimeisoma mpaka nikacheka, halafu nikaacha kucheka kwa sababu ya ng'ombe wa mama yake.

Kalamu yako nyekundu haikukosea, hesabu ni sahihi. Kilichokosewa ni gunia. Gunia la kilo 100 ni la mahindi. Ukichukua gunia lilelile ukalijaza alizeti, haifiki hata kilo 70, kwa sababu ile mbegu ni ganda na hewa tupu ndani. Gunia za huko Mkoka nyingi zinalala kwenye kilo 65, zile zinazojazwa zikashonwa na kichwa juu zinapanda kidogo. Kwa hiyo kilo anayodhani ananunua 580 anainunua kama 890. Ile 900 aliyoisikia mjini ndiyo hiyohiyo anayolipa kijijini, ila kaambiwa kwa jina lingine.

La pili ni hiyo asilimia 35 hadi 40. Ni kweli mbegu ina mafuta hayo, lakini mashine zetu hizi za skrubu hazitoi yote. Mengine yanabaki kwenye mashudu na mengine kwenye mashapo chini ya tangi. Mbegu ya Rekodi iliyochanganyika ya kienyeji, kama ndiyo anayonunua, mimi gunia la kilo 65 nategemea lita 18 ikiwa safi na imekauka. Ikiwa na mapepe au vumbi, 15. Lita 30 sijawahi kuziona kwenye gunia moja tangu nizaliwe.

Chimwaga_Mtulivu:

Mkamuzi usimtishe dogo. Kanuni inajulikana, kilo 3 za alizeti ni lita 1. Kilo 65 ni lita 21 na ushee. Na kosa lake kubwa siyo hilo, kosa ni kutaka kuuza ndani ya mwezi. Akamue sasa, afungie mafuta stoo, auze Januari bei ikiwa juu. Wenye hela wote mji huu ndivyo wanavyofanya.

Mkamuzi_Kibaigwa:

Kilo 3 kwa lita inatokea, sikatai. Inatokea kwa mbegu chotara iliyopepetwa, jua kali, mashine ya asubuhi imeshapata moto na skrubu haijalika. Ukiwa mnunuzi wa gunia za kuokoteza kwa wakulima kumi tofauti, weka kilo 3 na nusu mpaka 4. Ukipata zaidi shukuru.

Kuhusu kufungia stoo, bei kupanda mbele ya safari mara nyingi ni kweli. Lakini wanaofungia wenye akili wanafungia mbegu, siyo mafuta. Haya mafuta yetu hayajasafishwa kiwandani. Ukiyaweka kwenye madumu meupe, joto la Dodoma la Oktoba na Novemba linayapiga, Januari unafungua kifuniko unakutana na harufu ya karanga zilizooza. Mbegu kavu inakaa miezi, adui yake ni panya na mvua ya Desemba ikikuta bati linavuja.

Na mwaka 2023 umesahau? Kuna watu hapa Kibaigwa walihifadhi alizeti wakisubiri bei, badala ya kupanda ikaanguka, mpaka ikawa kilio bungeni. Mafuta ya nje yakiingia kwa wingi, bei yetu huku haina ubavu. Mwenye ng'ombe mmoja wa mama hapaswi kucheza huo mchezo.

Chimwaga_Mtulivu:

Sawa kwenye mafuta kuharibika nimekuelewa. Ila Januari bei huwa inapanda, hilo sikubali kubadilishiwa.

Mwalimu_wa_Bahi:

Mkamuzi, kwa hiyo nikichukua bei zake zilezile nikabadilisha lita tu, inakuwaje? Lita 18 mara 4,000 ni 72,000. Nikitoa gunia 58,000, usafiri 3,500 na dumu 3,000, inabaki 7,500. Gunia 30 ni 225,000. Imeshuka kutoka milioni na laki sita na ushee! Na zikitoka lita 15 ni 60,000, anapata hasara ya 4,500 kila gunia.

Nimekaa nje na kikokotoo cha simu, mke wangu ananiuliza nani kafa.

Mkamuzi_Kibaigwa:

Hesabu yako iko sawa mwalimu, na sasa tufike kwa yule muungwana.

Hapa kwetu kuna namna mbili za kukamua mali ya mtu. Ya kwanza, unalipa hela ya kukamua na kila kitu ni chako. Ya pili, hulipi, mwenye mashine anabaki na mashudu. Mkulima mwenye gunia mbili za kula nyumbani hiyo ya pili inamfaa, hana pa kupeleka mashudu. Lakini kwa mfanyabiashara, mashudu ndiyo biashara yenyewe.

Gunia la kilo 65 likitoa lita 18, uzito wa mafuta hayo siyo kilo 18. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo, ni gramu mia tisa na ishirini hivi. Kwa hiyo umetoa kilo 16 na nusu za mafuta. Mashudu yanatoka kama kilo 42. Zilizobaki ni maji, vumbi na mashapo. Sasa mashudu yakiwa 400 kwa kilo, bei ambayo mimi wiki hii nauza mashineni, kilo 42 ni 16,800. Kukamua kwa hela hapa ni 4,000 kwa gunia. Yule muungwana kamsamehe 4,000 akachukua 16,800. Kwa gunia 30 kijana amempa zawadi ya karibu 384,000.

Simsemi vibaya mwenzangu. Hata mimi mteja asipouliza, simwambii. Leo nimeamua kuwa mjinga kwa ajili ya mwalimu.

Mwalimu_wa_Bahi:

Basi akilipa 4,000 na kuchukua mashudu yake: 72,000 na 16,800 ni 88,800. Gharama zote 68,500. Faida 20,300 kwa gunia. Kumbe hata zikitoka lita 15 bado anabaki juu ya maji?

Mkamuzi_Kibaigwa:

Anabaki, kama elfu tisa hivi, maana mafuta yakipungua mashudu yanaongezeka kidogo. Ila asilimia ndogo vile ina maana mbili, mbegu mbaya au mashine mbaya, na lazima ajue ni ipi.

Amwambie mwenye mashine asimamishe, achukue mashudu yanayotoka wakati huohuo ayashike. Mashine nzuri inatoa vipande vyembamba, vikavu, vinavunjika kama kaukau. Ukiona vinene, laini, na ukivibana kwenye karatasi vinaacha doa kubwa la mafuta, jua mafuta yako yanaondoka na mashudu. Ama skrubu imelika, ama ameachia tundu la kutokea wazi sana ili kazi iende haraka, ama mashine bado baridi. Usikubali kuwa mteja wa kwanza asubuhi. Gunia la kwanza ndilo linaloipasha moto mashine, na lina hasara yake. Sisi tunaanika mbegu juani siku hiyohiyo kabla ya kumimina, ikiingia na joto inaachia mafuta vizuri.

Mbegu yenyewe aijaribu kabla ya kununua. Aingize mkono mpaka katikati ya gunia, siyo juu. Apasue mbegu ishirini kwa meno au kucha. Zikiwa tupu nne au tano, bei ishuke au aache. Kavu inakatika kwa mlio, mbichi inabonyea. Na anunue kwa mizani, kilo. Habari za gunia na debe aachane nazo kabisa, debe la alizeti halifikii uzito ambao watu wanaudhania.

Kuku_wa_Veyula:

Mwalimu shikamoo, na mimi ni mhitimu, nilikaa mtaani miaka miwili kabla ya kuanza kuku wa mayai. Mashudu nanunua kila mwezi kwa hiyo niongee kama mnunuzi.

Mkamuzi kasema 400 mashineni, lakini kijana asiifanye hiyo kuwa bei ya uhakika. Mavuno yakikolea, mashine zote zinakamua, mashudu yanajaa kila kona na mimi nanunua kwa bei ninayotaka. Kuku hawali mengi, yale maganda ni nyuzi tupu, nikizidisha mayai yanapungua. Wanaonunua kwa wingi ni wenye ng'ombe wa maziwa na wale wa malori.

Halafu kuna kosa lilinikuta mimi. Nilinunua viroba kumi vimefungwa vikiwa vya moto vimetoka mashineni. Vilitoa jasho ndani, siku ya nne nafungua ni ukungu wa kijani. Sikuwapa kuku, nilifukia. Mwambie mashudu ayatandaze yapoe kwanza, usiku mzima ikibidi, ndiyo afunge. Tangu siku ile nikifika mahali naingiza mkono kwenye kiroba, nikikuta joto naondoka.

Mama_wa_Hombolo:

Mbukwenyi nyote. Naona wanaume mmeng'ang'ana na alizeti, swali la zabibu mmelisahau. Mimi nina zabibu ekari mbili Hombolo, ya marehemu mume wangu, kwa hiyo huyo mama wa Mpunguzi namwelewa kama najitazama.

Kijana anasema inavunwa mara mbili, ni kweli, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Lakini haizai yenyewe tu. Kila mvuno unaanza na kupogoa, na kutoka kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne. Sasa hivi ni mwishoni mwa Mei. Je, huyo mama ameshapogoa? Kama hajapogoa, mvuno wa Agosti umeshapita, kijana atakuwa amekodi majani. Kama amepogoa, nani alipogoa? Mwaka mmoja nilimpa kijana asiyejua, akakata matawi yaliyokuwa yazae akaacha yale mazuri kwa macho. Nilivuna ndoo badala ya tenga.

Mvuno wa masika una ubwiriubwiri, unaona vumbi jeupe kwenye majani na punje zinapasuka. Bila kupiga salfa kwa wakati unapoteza. Mvuno wa kiangazi ni mtamu zaidi lakini unataka maji. Amuulize mama ana kisima au anategemea nini.

Na soko. Zabibu ikiiva haikusubiri, siku chache tu tayari inalainika. Wote tunavuna wiki moja, mnunuzi wa zabibu za divai anajua hivyo, anakuja anaangalia saa. Mara mbili nimeuza bei ya kutupa kwa sababu lori lilikuwa limewasha injini.

Chimwaga_Mtulivu:

Mama shikamoo. Si akamue mwenyewe auze divai?

Mama_wa_Hombolo:

Marahaba. Divai siyo togwa mwanangu. Inataka vyombo, vibali na mwaka wa kujifunza kwa kumwaga. Sijasema asifanye zabibu. Nasema asilipe 800,000 kabla hajaingia shambani na mtu anayejua kupogoa akamwonyesha macho ya tawi, pale chipukizi linapochomoza. Na kama ni mimi ningekuwa yule mjane, ningetaka kijana afanye kazi tugawane mavuno, kuliko kunipa hela ya mwaka akakimbia mwezi wa tatu. Amwambie hivyo. Akikataa, kuna sababu.

Mkamuzi_Kibaigwa:

Hapo mama umenena. Mimi zabibu sijui, nakula tu.

Mhandisi_Ilazo:

Kijana achanganye chumvi kwenye mafuta achemshe, yanakuwa masafi kama ya dukani, anauza 6,000 badala ya 4,000. Mama yangu alifanya hivyo Singida miaka yote.

Mkamuzi_Kibaigwa:

Kwa mafuta ya kula nyumbani, mama yako alikuwa sahihi. Yanatoa maji na utelezi, yanaacha kufura povu kwenye kikaango. Lakini mkuu, ukichemsha madumu ishirini kwa kuni unalipia kuni, unapunguza mafuta, na ukizidisha moto yanabadilika rangi yanakuwa kama chai. Na wala hayafanani na ya dukani.

Kwa anayeanza, kuyaacha yatulie kunatosha. Siku tatu kwenye pipa, bila kutikisa, halafu achote juu na kuchuja kwa kitambaa kizito. Asijaze madumu siku ya kukamua. Nimeona watu wanauza dumu la lita 20, mteja anarudi na tope la lita nzima chini, ndiyo mwisho wa huyo mteja na jirani zake. Hesabu ya lita 18 ninayoisema ni baada ya kutulia, siyo ile inayotoka kwenye bomba ikiwa nzito.

Mambo ya chupa zenye lebo kwenye maduka makubwa yanataka alama ya ubora ya TBS. Aende SIDO wamuelekeze, lakini hiyo ni ya mwakani. Mwaka huu madumu, mama lishe na majirani.

Sina_Mba_Area_C:

Mama lishe hao hao watakaochukua kwa mkopo. Mwalimu, andika pembeni: hakuna mafuta ya mkopo.

Mwalimu_wa_Bahi:

Hilo nimeliandika, na wewe leo umesema la maana.

Wakuu, barua ya majibu nimeiandika jana usiku na imeondoka na kondakta yuleyule. Nimemwambia asinunue gunia 30. Anunue 2, kwa mizani. Apime mbegu, apime mafuta baada ya siku tatu, apime mashudu, aandike kwenye daftari. Alipe hela ya kukamua, mashudu yake achukue. Kuhusu zabibu nimemwambia aende Mpunguzi akaone kama kumepogolewa, na asitoe hela. Jibu la "nichague lipi" sijampa. Nimemwambia daftari litajibu nusu yake.

Mpwa_Nkuhungu:

Shikamooni wote. Mimi ndiye mwenye barua. Mjomba kanipa jina la uzi huu na nimesoma kuanzia juu, nimeona aibu na nimeshukuru. Ile kilo 100 sikuibuni, niliwauliza watu watatu na wote walisema "gunia ni mia".

Nimefanya kama mjomba alivyosema. Gunia 2 kwa mizani zilikuwa kilo 131. Nilipasua mbegu ishirini, tupu zilikuwa tatu. Mashine siyo ya yule muungwana. Nilipomwambia nataka mashudu yangu, alisema foleni ni ndefu mpaka wiki ijayo. Nimeenda nyingine, 4,000 kwa gunia, nikawa mteja wa tano. Mashudu yalikuwa yanavunjika lakini karatasi ilipata doa, siyo kubwa.

Siku ile bombani nilihesabu lita 36. Baada ya siku tatu nimechuja, zimebaki 34 na tope la lita 2. Mashudu kilo 87. Kwa hiyo lita 17 kwa gunia, karibu kilo 4 kwa lita. Kaka wa kilo 3 naomba unisamehe.

Chimwaga_Mtulivu:

Nimekusamehe dogo. Mbegu yenu ya Mkoka ni mbaya tu.

Mpwa_Nkuhungu:

Mafuta nimeuza kwa 4,000 yote, mama lishe wawili na dada mmoja wa saluni. Mmoja aliweka kidogo kwenye friji usiku kucha kwanza, eti yakiganda nimechanganya na ya mawese. Hayakuganda, akachukua lita kumi. Mashudu mwenye ng'ombe wa Ihumwa kanipa 300, siyo 400. Faida yangu kwa gunia ni 12,550. Nikifanya gunia 28 zilizobaki kwa namna hiyo ni kama laki tatu na nusu, na nitakuwa na lita 476 za kuuza. Hizi 34 zimenichukua siku nane kwa miguu.

Kuku_wa_Veyula:

300 kakuonea kidogo. Njoo kwangu nikupe 330, ila viroba viwili tu kwa mwezi. Usafiri juu yako.

Mkamuzi_Kibaigwa:

Lita 17 kwa mbegu ya tupu tatu siyo mbaya. Ile doa kwenye karatasi ndiyo lita yako moja. Sasa tatizo lako siyo alizeti, ni miguu. Lita 34 siku nane, lita 476 ni siku mia na kumi. Kabla ya kununua gunia la tatu tafuta mtu mmoja anayechukua madumu matano kila wiki hata kwa 3,700. Ukimpata, njoo Kibaigwa, nitakukamulia, mashudu utaondoka nayo. Nimeshajisema mjinga, sirudi nyuma.

Mama_wa_Hombolo:

Na Mpunguzi ulikwenda?

Mpwa_Nkuhungu:

Nilikwenda mama. Kumepogolewa nusu ya shamba, nusu bado. Maji yapo, kisima cha jirani kwa malipo. Nilipomtajia kugawana mavuno alinyamaza, akasema atamuuliza mwanawe aliyeko Dar. Mwanawe hajajibu.

Mama_wa_Hombolo:

Hiyo nusu iliyopogolewa, matawi yaliyoachwa yana macho mangapi?

Mpwa_Nkuhungu:

Sikuhesabu. Naweza kurudi Jumamosi.

Mama_wa_Hombolo:

Rudi Jumamosi. Piga picha tawi kwa tawi, siyo shamba zima, uweke hapa.